Rangi zinapauka nikipandisha video mtandaoni, kwenye Resolve ziko vizuri. Nisaidieni wakuu

Kamera_Kigamboni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya rangi, hasa mnaotumia DaVinci Resolve kwenye Mac.

Nimemaliza kuhariri video ya harusi. Ukumbi ulikuwa na taa hafifu za zambarau, bwana harusi na wapambe wake wamevaa suti nyeusi. Nimehangaika sana na gredi ili weusi wa suti uwe mzito lakini mikunjo ya kitambaa ionekane. Kwenye dirisha la Resolve imekaa vizuri kabisa. Nikatoa faili la MOV, nikalifungua kwa QuickTime, nalo liko vilevile. Nikapandisha YouTube kwa `Unlisted` ili mteja aangalie kwanza. Kufungua kiungo kwa Safari, kwenye Mac hiyohiyo, suti zimegeuka kijivu, ngozi zimepauka, ukumbi kama umejaa moshi.

Kinachonichanganya ni hiki: mteja anatumia laptopu ya Windows na anasema iko sawa. Ndugu yake mwenye MacBook anasema imepauka, kama ninavyoiona mimi.

Mpangilio wangu: Timeline color space ni `Rec.709 Gamma 2.4`, Output color space ni `Same as Timeline`, na `Use Mac display color profiles for viewers` nimeitia tiki. Nikiongeza giza kwenye gredi ili YouTube ikae sawa, naogopa mteja ataona suti zimekuwa shimo jeusi. Nifanyeje?

---

Sauti_ya_Pwani

Mkuu hilo ni suala la levo. Nenda ukurasa wa Deliver, fungua `Advanced Settings`, kwenye `Data Levels` toa `Auto` weka `Full`. Mimi video zangu zilikuwa na ukungu hivyohivyo, nilipoweka Full nyeusi ikarudi kuwa nyeusi. Halafu kumbuka YouTube inabana sana faili, lazima rangi zipungue kidogo.

---

Mpiga_Chabo

Naweka kiti hapa. Yamenikuta haya kwenye video ya kwaya, hadi leo sijui sababu.

---

Rangi_Halisi

Kamera, kabla hujagusa `Data Levels` tafadhali subiri. Kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa macho, na dawa ya moja inaudhi lingine.

La kwanza ni levo, ndilo alilotaja Sauti. Video za kawaida huhifadhi nyeusi kwenye namba 16 na nyeupe kwenye 235. Anayezicheza anatakiwa kuzinyoosha ziwe 0 hadi 255. Asiponyoosha, nyeusi inabaki juu na nyeupe inabaki chini, picha nzima inakuwa na ukungu. Akinyoosha faili ambalo tayari limenyooshwa, giza linakatika na mawingu yanaungua.

La pili ni gama. Hapo nyeusi kabisa inabaki nyeusi, nyeupe kabisa inabaki nyeupe, lakini vyote vya katikati vinapanda au kushuka. Suti nyeusi haiko kwenye sifuri, iko juu kidogo ya sifuri, na hapo ndipo gama inapoonekana zaidi.

Kwa macho huwezi kuyatofautisha kwenye ukumbi wa zambarau. Fanya hivi: anzisha taimlaini mpya kwenye mradi huohuo, weka `Solid Color` tatu zifuatane, kila moja sekunde chache. Ya kwanza RGB 0, ya pili RGB 51, ya tatu RGB 255. Usiweke gredi yoyote. Toa faili kwa mpangilio uleule wa harusi, lipandishe vilevile. Kisha fungua programu ya Digital Color Meter iliyo ndani ya Mac, chagua `Display in sRGB`, pima kila rangi sehemu tatu: dirisha la Resolve, QuickTime, na YouTube kwenye Safari. Zima Night Shift na True Tone kwanza ili macho yako nayo yasikudanganye.

Leta namba hapa.

Na suala la kubana: kubana kunaleta vijumba na kingo chafu, hasa kwenye giza. Hakupandishi kijivu chote kwa mpangilio namna hiyo.

---

Bint_Chwaka

Samahani kuingilia, mimi pia nina tatizo hilihili. Nachukua video kwa iPhone, nikiiangalia kwenye simu iko safi, nikiiweka kwenye taimlaini anga linakuwa jeupe tupu na nyuso zinang'aa kupita kiasi. Na mimi nifanye hilo jaribio la rangi tatu?

---

Rangi_Halisi

Dada Bint Chwaka, lako ni jingine, jaribio hilo halitakuonyesha kitu. Kwako picha imeharibika ikiingia, kwa Kamera imebadilika ikitoka. Kuanzia iPhone 12 simu hizo hurekodi HDR, na taimlaini yako bila shaka ni ya kawaida ya Rec.709. Programu inasoma mwanga wa HDR kana kwamba ni wa kawaida, ndiyo maana anga linaungua.

Kwa klipu ulizonazo, iambie programu kwamba hizo ni `Rec.2100 HLG`. Kwenye Resolve ukiwa unatumia `DaVinci YRGB Color Managed`, bofya klipu kwa kitufe cha kulia kwenye ukurasa wa Color, ingia `Input Color Space`, uichague. Kwa kazi zijazo, kama huna mpango wa kutoa HDR, nenda `Settings`, `Camera`, `Record Video`, uzime `HDR Video`. Ukikwama fungua uzi wako tutakuja huko, huu tusiuchanganye.

---

Kamera_Kigamboni

Nimefanya. Nyeusi inasoma 0 kote. Nyeupe 255 kote. Kijivu ndiyo kimeachana: dirisha la Resolve kinasoma 40, QuickTime 40, YouTube kwenye Safari kinasoma 58.

Nilichoshangaa ni kwamba niliweka 51 na hakuna hata sehemu moja iliyosoma 51.

---

Rangi_Halisi

Safi sana, sasa tunajua. Nyeusi na nyeupe hazijasogea, kwa hiyo levo ziko sawa, usiguse `Data Levels`. Ungeweka Full na mchezaji asijue, mikunjo ya suti ingekatika kabisa kwa yule mteja wa Windows.

Nieleze kwa nini 51 imekuwa 40 huku na 58 kule, maana ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe.

Ndani ya faili kijivu chako ni asilimia 20 ya mawimbi, yaani 0.2. Hiyo si kiasi cha mwanga. Ni namba tu, inasubiri kioo kiipandishe kwa gama ili iwe mwanga. Kioo cha gama 2.4, kile cha kugredia kwenye chumba chenye giza, kinatoa 0.2 kwa kipeo cha 2.4, sawa na mwanga wa 0.021. Mfumo wa rangi wa Mac ukiona tagi ya Rec.709 hautumii 2.4. Unatumia kama 1.96, na 0.2 kwa kipeo hicho ni 0.043. Namba ileile ndani ya faili, mwanga mara mbili. Ndiyo moshi unaouona ukumbini. Windows kwa kawaida inaipeleka namba moja kwa moja kwenye kioo, na vioo vingi viko karibu na 2.2, kwa hiyo mteja anapata 0.029, katikati ya hizo mbili. Kipimo cha Mac kinaupokea mwanga huo na kukuandikia namba ya sRGB inayolingana nao, ndiyo maana hukuona 51.

Swali linalobaki ni kwa nini QuickTime, iliyo kwenye Mac hiyohiyo, haikupauka. Hapo ni tagi. Faili lako limebeba maelezo ya rangi yenye namba tatu: ya kwanza rangi za msingi, ya pili gama, ya tatu hesabu ya kugeuza rangi. Ukitoa kwa `Rec.709 Gamma 2.4`, Resolve inaandika 1-2-1. Hiyo 2 ya katikati maana yake gama haijatajwa, na kwenye MOV inaongeza kijitagi cha pembeni kinachosema 2.4. QuickTime inakisoma kijitagi na kukutii. YouTube inalitengeneza upya faili lako, kijitagi kinabaki nje, video inatoka na 1-1-1. Safari ikiona 1-1-1 inacheza kwa 1.96.

Usinichukulie kwa neno langu. Kama una ffmpeg, piga hii kwenye MOV yako:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=color_range,color_space,color_transfer,color_primaries -of default=nw=1 harusi.mov
```

Kisha kwenye YouTube bofya video kwa kitufe cha kulia, chagua `Stats for nerds`, usome mstari wa `Color`.

---

Kamera_Kigamboni

Kweli mkuu. Ya MOV:

```
color_range=tv
color_space=bt709
color_transfer=unknown
color_primaries=bt709
```

Na kwenye YouTube mstari wa Color umeandikwa `bt709 / bt709`. Kwa hiyo pikseli hazijaguswa, kilichobadilika ni maelezo?

---

Rangi_Halisi

Zimebanwa upya, lakini kiwango cha kijivu ni kilekile. Ndiyo, kilichobadilika ni maelezo, na namna kila mchezaji anavyoyasoma.

---

Sauti_ya_Pwani

Basi kama ni hivyo suluhisho ni rahisi. Tumia LUT ya kufidia. Adobe waliwahi kuitoa kwa watu wa Premiere, inaitwa QT Gamma Compensation. Unaiweka wakati wa kutoa faili, inashusha vya katikati, ukifungua kwenye Mac inafanana na ulichokiona. Mimi naitumia na wateja hawajalalamika.

---

Rangi_Halisi

Sauti, hiyo LUT inafanya kazi yake, ila angalia inamfanyia nani. Kutoka 1.96 kufika 2.4 unazidisha kipeo kwa kama 1.22. Kile kijivu cha 0.2 kinashuka hadi 0.14 ndani ya faili. Kwenye Mac kitaonekana kama ulivyokusudia. Kwenye Windows ya gama 2.2 hiyo 0.14 inatoa mwanga wa 0.013, chini ya nusu ya ule wa 0.029 alioupata mteja na kusema uko sawa. Suti zote zinakuwa kipande kimoja cheusi. Simu nyingi za Android nazo ziko upande huo wa Windows.

Tena safari hii umebadilisha pikseli zenyewe. Tagi unaweza kuirekebisha baadaye bila kurenda upya, lakini giza lililokatika halirudi. Kama wateja wako wote wanatazama kwa Mac, sawa, itumie. Kama ni video ya harusi inayosambaa kwa wajomba na mashangazi, mimi siwezi kuipendekeza.

---

Sauti_ya_Pwani

Hapo nimekuelewa. Wateja wangu wengi ni wa matangazo ya hoteli na wote wana MacBook, labda ndiyo maana sijalalamikiwa. Ila sasa ukiacha LUT, Kamera afanye nini? Maana umeeleza ugonjwa, dawa bado.

---

Rangi_Halisi

Haki yako. Hakuna mpangilio utakaofanya Mac, Windows na simu zionyeshe kitu kimoja. Vioo vinatofautiana, na faili moja lina namba moja tu kwa kila pikseli. Unachoweza kufanya ni kuondoa mshtuko, yaani unachokiona mezani kiwe ndicho kinachoonekana mtandaoni kwenye mashine yako, kisha uchague kwa kujua upotevu uende upande gani.

Kamera, kwa kazi yako ningefanya hivi. Kwenye `Project Settings`, `Color Management`, badilisha Timeline color space iwe `Rec.709-A`, na Output ibaki `Same as Timeline`. Tiki ya `Use Mac display color profiles for viewers` iache palepale. Ukifanya hivyo dirisha la Resolve litapauka papo hapo, lifanane na Safari. Usiogope, gredi yako haijaguswa ikiwa unatumia `DaVinci YRGB` ya kawaida. Umeambiwa ukweli tu mapema. Ukitoa faili litakuwa na 1-1-1, na QuickTime, Safari na dirisha vitafanana.

Sasa ndipo uamuzi unapokuja. Ukigredi hadi dirisha lipendeze kwa macho yako, unamfidia mtu wa Mac na unamkandamiza wa Windows, uleule ubaya wa LUT ila kwa mkono. Mimi nashusha nusu tu. Nachukua fremu moja ya giza, ile ya suti, nashusha vya katikati hadi nione imepauka kidogo bado lakini inavumilika, halafu natoa sekunde 20 na kuzitazama kwenye laptopu ya Windows na simu ya bei ya kawaida kabla ya kurenda kazi nzima. Mikunjo ikionekana kwenye simu, nimemaliza.

Ukitaka kuthibitisha kwa namba, rudia jaribio lako la rangi tatu. Sehemu zote tatu kwenye Mac zinatakiwa zisome 58 au jirani yake.

---

Mzee_wa_Kitaa

Mimi nitapingana kidogo na Rangi Halisi. Nimefanya kazi za TV miaka mingi, na kuiacha 2.4 ili ufuate dirisha la Mac kwangu ni kujifunga kwa kampuni moja. Kiwango cha kioo cha kugredia, BT.1886, kipo tangu 2011 na kinasema 2.4. Leo Apple wako 1.96, kesho wakibadilisha kazi zako zote zitakuwa nyeusi. Mimi nina monita ya nje inayopokea picha kupitia kadi ya DeckLink, haipiti kwenye mfumo wa rangi wa Mac hata kidogo. Nimeisawazisha, naitazama hiyo tu. Dirisha la Resolve natazamia mikato, si rangi.

Faili likitoka lina 1-1-1, mtandaoni likionekana jepesi kwenye Mac, basi kila video nyingine duniani inaonekana nyepesi hivyohivyo kwenye Mac hiyo. Mtazamaji amezoea.

---

Rangi_Halisi

Mzee, shikamoo. Kwa kazi za TV niko na wewe kabisa, na hoja ya mtazamaji kuzoea ni ya kweli. Ninapotofautiana ni kwa mtu asiye na monita ya nje na ambaye kazi yake haitagusa TV hata mara moja. Anagredi kwenye MacBook, sebuleni, taa zimewaka. Ukimpa 2.4 kwenye mazingira hayo atainua giza ili aone vizuri, kisha mtandao unainua tena. Ndiyo maana ya Kamera yamezidi. Kwa chumba chenye mwanga 2.2 ni salama zaidi kuliko zote mbili.

---

Mzee_wa_Kitaa

Marahaba. Kwenye 2.2 tunakutana. Kwenye kugredi kwa kufuata 1.96, hapana.

---

Nuru_Mbeya

Kwa sisi wa Premiere Pro je? Sina Resolve, na sijaona popote pa kuandika Rec.709-A.

---

Kamera_Kigamboni

Nuru, rafiki yangu anatumia Premiere ya karibuni. Amenionyesha kwenye paneli ya Lumetri Color, sehemu ya Settings, kuna `Viewer Gamma`. Ina chaguo tatu: `2.4 (Broadcast)`, `2.2 (Web)` na `1.96 (QuickTime)`. Ukiweka ya mwisho dirisha linafanana na QuickTime. Alisema lazima `Display Color Management` iwe imewashwa.

---

Rangi_Halisi

Sawasawa. Ongeza tu hili: `Viewer Gamma` inabadilisha unachokiona, haiandiki chochote kwenye faili. Kwa hiyo unaweza kuhama kutoka 2.2 kwenda 1.96 na kurudi ukiwa unagredi, uone fremu ileile kwa macho ya mtu wa Windows na ya mtu wa Mac bila kurenda. Kwa kazi za mtandaoni mimi nagredi kwenye 2.2, nachungulia 1.96 mwishoni.

---

MjengoTao

Niaje wadau, niko Nairobi. Mimi si mtu wa video, natengeneza tovuti, lakini nimesoma huu uzi wote na nadhani nimepata jibu la kitu kimenisumbua.

Kuna klayenti ametupa video ya nembo yake inacheza juu ya ukurasa. Mandhari ya video ni kijani cheusi `#1A3C34`, na ukurasa nao nimeupaka `#1A3C34` ndiyo nembo ionekane inaelea. Kwa Chrome ya Windows inaungana vizuri. Kwa Safari kuna boksi inaonekana wazi, video ni nyepesi kuliko ukurasa. Ni hiyo 1.96, ama?

---

Rangi_Halisi

Ndiyo, na kwako inaonekana vibaya kuliko kwa mtu yeyote hapa, kwa sababu una vitu viwili ubavu kwa ubavu. Ukurasa unasomwa kama sRGB, video inasomwa kwa 1.96. Kwenye rangi nyeusi kama hiyo tofauti ni kubwa.

Video yako haipiti YouTube, unaiweka mwenyewe kwenye seva, kwa hiyo tagi utakayoandika ndiyo itakayomfikia mtazamaji. Iandike sRGB, ambayo namba yake ni 13, iwe 1-13-1:

```
ffmpeg -i nembo.mp4 \
 -vf setparams=color_primaries=bt709:color_trc=iec61966-2-1:colorspace=bt709 \
 -color_primaries bt709 -color_trc iec61966-2-1 -colorspace bt709 \
 -c:v libx264 -crf 14 -pix_fmt yuv420p -an nembo_web.mp4
```

Hii haigeuzi rangi, inabadilisha maelezo na kurenda upya. Hakikisha kwa ffprobe kwamba `color_transfer` inasoma `iec61966-2-1`. Kwa video ya YouTube usijisumbue nayo, huko jambo lako haliko mikononi mwako.

---

MjengoTao

Nimeijaribu sasa hivi. ffprobe inasoma vile umesema. Safari boksi imeisha kabisa, Chrome ya Mac pia. Firefox kwa Mac bado naona kingo, nyembamba lakini iko, na safari hii video ni nzito kidogo kuliko ukurasa.

---

Rangi_Halisi

Firefox imekuwa na njia yake ya kushughulikia rangi za video kwenye Mac, na sijapata tagi inayoiridhisha pamoja na Safari. Halafu hata tagi ikiwa sawa, video ya biti 8 inageuzwa kwenda YUV na kurudi, rangi inaweza kukosea kwa namba moja au mbili. Juu ya rangi tambarare jicho linaiona.

---

MjengoTao

Basi nitafifisha kingo za video kwa `mask-image` kwenye CSS, piseli kama 40 kila upande, ndiyo hiyo tofauti ndogo isikuwe na mstari. Kama kuna mtu ana njia safi ya Firefox aweke hapa, bado naitafuta.

---

Kamera_Kigamboni

Nimebadilisha kuwa `Rec.709-A`. Kijivu sasa kinasoma 58 sehemu zote tatu. Nimeshusha vya katikati kidogo kwenye klipu za ukumbini peke yake, za nje kanisani nimeziacha maana zilikuwa na mwanga wa kutosha na kupauka hakuonekani. Nimemtumia mteja kipande cha wapambe wakiingia. Kwenye Windows yake anasema kola na vifungo vya suti vinaonekana. Ndugu yake wa MacBook anasema bado ni nyepesi kuliko angependa, ila ule moshi haupo.

Kwenye Tecno yangu ya zamani mikunjo ya mabegani imeanza kupotea. Nafikiri nirudishe nusu ya nilichoshusha halafu nirende zima usiku huu.

---

Rangi_Halisi

Rudisha, lakini pandisha mwangaza wa simu uwe wa kawaida kwanza. Wengi wanajaribia simu ikiwa kwenye kuokoa chaji, na hapo kila kitu kinazama.